"Naomba kujitoa" au "najitoa"? Barua ya kuacha chama na tarehe yake

Swali: Mwalimu, shikamoo. Niko Muheza, ni mwanachama wa chama cha siasa na pia mtunza hazina wa tawi. Nataka kuacha vyote mwisho wa mwezi huu wa Januari bila kugombana na mtu. Barua yangu kwa katibu nimeianza hivi: "Naomba kujiuzuru uanachama kwa chama chako kuanzia mwisho wa mwezi huu." Mwenzangu ananiambia niandike "najivua". Lipi sahihi, na tarehe niiwekeje?

Jibu: Marahaba. Neno la kwanza kuliondoa ni "naomba". Najua umelitumia kwa adabu, kwa kuwa Mswahili haingii mlangoni bila hodi. Lakini katika barua ya ofisi neno hili lina kazi maalumu: anayeomba likizo au kiwanja anasubiri akubaliwe au akataliwe. Katibu akisoma "naomba kujiuzulu" ana haki ya kuipeleka barua kwenye kikao na kukujibu kwamba ombi lako linafanyiwa kazi. Kikao kisipokaa miezi miwili, jina lako litabaki kwenye daftari la wanachama, na barua yenyewe itakuwa shahidi kwamba bado unasubiri jibu. "Ningependa" na "ninakusudia" zina udhaifu huohuo, kwani zinaeleza nia tu. "Nitajitoa" ni ahadi. Kinachotakiwa ni kitenzi kinachotimiza jambo palepale unapokiandika: "Kwa barua hii najitoa." Adabu haipotei. Utaihamishia chini, mahali ambapo kweli una jambo la kuomba, yaani uthibitisho kwamba barua imepokelewa.

Sasa kitenzi chenyewe. Kwanza tahajia: ni *kujiuzulu*, kwa L, si "kujiuzuru" kwa R. Mzizi wake ni *uzulu*, uliotoka Kiarabu, maana yake kumwondoa mtu kwenye madaraka. Anayejiuzulu anajiondoa mwenyewe kwenye cheo. Kwa hiyo neno hili linakaa vizuri sana kwenye utunza hazina wako, maana hicho ni cheo. Kwa uanachama, ambao si cheo, naona *kujitoa* au *kuacha* ni sahihi zaidi. Hata hivyo wapo wengi wanaoandika "kujiuzulu uanachama", na utalikuta hivyo hata kwenye maandishi ya vyama. Fungua katiba ya chama chako kwenye sehemu inayoeleza jinsi uanachama unavyokoma. Ikiwa imeandika "kujiuzulu", tumia neno lao, ili mtu asije akasema ulichokifanya hakimo katika katiba.

"Najivua" la mwenzako nakushauri uliache. Halina kosa la sarufi. Shida yake ni jamaa zake. Mtu *anavuliwa* uanachama anapoadhibiwa, na tangu CCM ilipoanza kuzungumzia "kujivua gamba" mwaka 2011, *kujivua* limebeba maana ya kutupa kitu kibovu. Katibu atahisi unakisema chama vibaya hata kama hukukusudia. "Nahama" nalo linauliza swali jipya: unahamia wapi? "Nang'atuka" lilienea kwa Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985, nalo ni la kiongozi anayepisha wengine kwenye uongozi. Mwanachama wa tawi akilitumia, litasikika kubwa kuliko jambo lenyewe. Na usiandike "nasitisha" wala "nasimamisha" uanachama, kwa sababu kilichosimama kinaweza kuendelea kesho.

Ukichagua *kujitoa*, chunga kinachofuata. *Kujitoa* lina maana mbili zinazovutana. Tunasema mtu ana moyo wa kujitoa, yaani anajinyima kwa ajili ya wengine. Kwa hiyo "nimejitoa kwa chama" inaweza kusomwa kwamba umekipa chama nguvu zako zote, kinyume kabisa cha ulichotaka. Ukiongeza silabi moja tu na kuandika "najitolea", basi umejiandikisha kufanya kazi ya chama bila malipo. Kosa hilo ni jepesi sana kwa mtu anayechapa haraka kwenye simu, na anayerekebisha maneno kwa mashine halioni, kwa sababu yote mawili ni Kiswahili safi. Dawa yake ni kuandika *katika uanachama*: "najitoa katika uanachama wa Chama …", kisha jina kamili la chama. Hapo hakuna njia ya kulipindua.

"Chama chako" pia kitoe. Kinamkabidhi katibu chama kana kwamba ni mali yake, na kina ubaridi wa mtu aliyekwisha kununa. "Chama chetu" nacho kinapingana na habari unayoileta. Jina la chama peke yake linatosha.

Kuhusu sababu, huna haja ya kuieleza. Ukiona barua inakuwa kavu mno, andika "kwa hiari yangu". Maneno hayo matatu yana faida yake: yanaonyesha kwamba hukufukuzwa wala kulazimishwa. "Kwa sababu zisizozuilika" yanadokeza kuna kitu kimekusukuma, na watu wataanza kukitafuta. Shukrani iwe sentensi moja. Ukimsifu katibu kwa mistari mitano kisha ukaondoka, sifa zitasomwa kama kejeli.

Tarehe ndiyo inayozaa ugomvi zaidi. "Mwisho wa mwezi huu" ni tarehe 30 au 31? Ni siku ya mwisho ukiwa bado mwanachama, au siku ya kwanza ukiwa umetoka? Na "mwezi huu" unahesabiwa kutoka siku uliyoandika au siku barua iliposomwa? Barua ya tarehe 29 ikifunguliwa tarehe 2, mwezi umeshabadilika. Ndiyo maana hata "kuanzia leo" halifai: leo ya mwandishi si leo ya msomaji.

*Kuanzia* huihesabu siku inayotajwa. "Kuanzia tarehe 1 Februari" maana yake tarehe 1 yenyewe imo. Lakini *hadi* na *mpaka* hazina uhakika huo. "Mwanachama hadi tarehe 31 Januari": wengine watasema siku ya 31 imo, wengine watasema imefika ikaishia mlangoni. "Ifikapo tarehe 31" nayo ina shaka hiyohiyo. Kwa hiyo nakushauri utaje pande zote mbili za mstari: siku ya mwisho ukiwa ndani, na siku ya kwanza ukiwa nje. Ongeza na jina la siku ya juma. Kidole kikiteleza ukaandika 13 badala ya 31, jina la siku litalifichua kosa.

Saa usiiweke. Watu hupenda kuandika "saa 6:00 usiku wa tarehe 1", wakidhani wameongeza usahihi. Huko kwenu Tanga, kama pwani yote, wazee wanahesabu usiku pamoja na mchana unaoufuata, hivyo usiku wa Ijumaa kwao ni Alhamisi baada ya magharibi. Ofisi inahesabu vingine. Utakuwa umefungua mlango wa siku nzima ya mabishano.

Na kwa kuwa una vitu viwili, vitaje vyote viwili. Aliyeandika kwamba amejiuzulu utunza hazina hajasema lolote juu ya kadi yake. Ukitaja uanachama peke yake, cheo huenda kikaanguka chenyewe, lakini daftari la ada litabaki bila tarehe ya makabidhiano, na hilo likija kuulizwa litaulizwa kwako.

Kwa mfano wako, barua ingesimama hivi. Juu kulia ziwepo anwani yako na tarehe, kushoto anwani ya katibu, kisha:

> Ndugu Katibu,
>
> YAH: KUJITOA KATIKA UANACHAMA NA KUJIUZULU UTUNZA HAZINA WA TAWI
>
> Kwa barua hii, na kwa hiari yangu, najitoa katika uanachama wa Chama ……, kadi Na. ……, na najiuzulu nafasi ya mtunza hazina wa Tawi la …….
>
> Siku yangu ya mwisho katika uanachama na katika nafasi hiyo ni Jumamosi, tarehe 31 Januari 2026. Kuanzia Jumapili, tarehe 1 Februari 2026, sitakuwa mwanachama wala mtunza hazina.
>
> Daftari la ada, vitabu vya stakabadhi na fedha zilizopo nitavikabidhi kwa maandishi kabla ya tarehe 31 Januari 2026. Kadi yangu nimeiambatisha.
>
> Nashukuru kwa ushirikiano niliopewa. Naomba unithibitishie kwa maandishi kwamba umepokea barua hii.
>
> Wako,
> (saini na jina kamili)

Tazama "naomba" lilipokwenda. "Ndugu Katibu" ni heshima isiyoegemea upande. Salamu za chama na kaulimbiu usiziweke mwanzoni wala mwishoni, hata kama umezizoea miaka mingi. Barua inayomaliza kwa kuutakia ushindi uleule upande unaouacha inaacha shaka juu ya nia yako. Na kabla ya kuiambatisha kadi, toa kivuli chake ubaki nacho.

Peleka barua mbili zilizo sawa, siku chache kabla ya tarehe uliyoitaja na si baada yake. Moja anabaki nayo katibu. Nyingine aandike "Imepokelewa", tarehe, jina na saini yake, na mhuri kama upo, kisha uondoke nayo. Neno liwe "imepokelewa". Ukiona ameandika "imekubaliwa", muombe abadilishe, maana hukumpelekea ombi.

Kwa msomaji wa Kenya, kuna jambo la kuongeza. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 kinasema kujiuzulu kunaanza kufanya kazi pale chama kinapopokea notisi, na Msajili wa Vyama vya Siasa anatakiwa kuarifiwa ndani ya siku 7. Kwa hiyo huko saini ya mapokezi ndiyo inayoibeba tarehe. Andika "kuanzia tarehe chama kitakapopokea barua hii", kisha uipeleke siku ileile unayotaka kutoka. Na mbunge, awe wa Kenya au wa Tanzania, asichukue mfano huu bila kumwona wakili: katiba za nchi zote mbili zinamwondoa bungeni anayekiacha chama kilichompeleka, na sentensi moja ya barua yake inaweza kuwa imekiachia kiti.