Maswali na majibu: kupiga hesabu za mtandao wa 33/11 kV kwa pa yuniti

Maswali ya safari hii yanahusu umbo moja, kwa hiyo nitayajibu kwa mtandao mmoja. Katika pa yuniti, kwa kifupi pu, kila volteji, mkondo, nguvu na impidansi inagawanywa kwa thamani yake ya msingi, na jibu ni namba isiyo na kipimo. Basbaa ya 33 kV inalisha transfoma ya 33/11 kV, 5 MVA, yenye impidansi ya 7%. Upande wa 11 kV inatoka laini ya kilomita 4 yenye 1.2 + j1.4 Ω kwa jumla. Mwisho wa laini kuna mzigo wa 3 MW, pawa fakta 0.9, mkondo ukichelewa nyuma ya volteji. Ukinzani wa koili za transfoma nimeuacha kwa sababu ni mdogo mbele ya riaktansi yake.

Shikamoo mwalimu. Thamani za msingi ninachagua mwenyewe au napewa? Kila kitabu kinaanza na namba yake. (Mwanafunzi wa ufundi umeme, Arusha)

Marahaba. Unachagua mbili tu: nguvu moja kwa mtandao mzima, na volteji katika sehemu moja ya mtandao. Baada ya hapo huna uhuru tena. Volteji za msingi za sehemu nyingine zinaamuliwa na uwiano wa transfoma, na mkondo na impidansi vinafuata kwa hesabu.

Mimi nachukua 10 MVA, kwa kuwa ni namba nyepesi kugawanya. Ungechukua 5 au 100, majibu ya mwisho kwa volti na ampea yangekuwa yale yale. Upande wa juu naweka 33 kV. Transfoma ni 33/11, basi upande wa chini ni lazima uwe 11 kV. Impidansi ya msingi ni volteji ya laini kwa laini kwa kilovolti, kipeo cha pili, ugawe kwa MVA:

```
33 kV: Zb = 33²/10 = 108.9 Ω
11 kV: Zb = 11²/10 = 12.1 Ω
```

Laini iko upande wa 11 kV, kwa hiyo unaigawa kwa 12.1 na kupata 0.0992 + j0.1157 pu. Ukiigawa kwa 108.9 laini itaonekana fupi mara tisa, na kushuka kwa volteji kutakaribia kutoweka. Ukiona laini ndefu ya 11 kV haishushi volteji hata kidogo, rudi uangalie hapo kwanza.

Kibati cha transfoma kinasema 7%. Naandika 0.07 moja kwa moja? (Fundi, Mwanza)

Hapana, kwa sababu hiyo 7% imepimwa kwa msingi wa transfoma yenyewe, yaani 5 MVA. Sisi tuko kwenye 10 MVA:

```
X = 0.07 × (10/5) = 0.14 pu
```

Volteji za msingi nazo zingetofautiana na za kibati, ungezidisha pia kwa volteji ya kibati gawanya kwa volteji yako, kipeo cha pili. Hapa ni sawasawa, hivyo kipengele hicho ni 1.

Namba hii 0.14 ni ile ile ukiitazama kutoka 33 kV au kutoka 11 kV. Kwa omu ungekuwa na namba mbili, 15.2 kwa juu na 1.69 kwa chini, na ungelazimika kukumbuka kila mara unatumia ipi. Katika pu, transfoma inabaki riaktansi moja iliyounganishwa mfululizo na laini. Muunganiko wa delta na nyota haubadilishi ukubwa huu. Unazungusha pembe tu, nyuzi 30 katika Dyn11, na pembe hiyo unairudisha mwishoni ukiihitaji.

Namba zote ninazo katika pu. Volteji ya mteja naipataje sasa? (Mwanafunzi, Dodoma)

Jumlisha transfoma na laini: R = 0.0992, X = 0.2557. Mzigo ni P = 3/10 = 0.3, na kwa pawa fakta 0.9 nguvu riaktivu ni Q = 0.1453. Basbaa ya 33 kV tuichukue kuwa 1.0 pu. Mzigo wa nguvu isiyobadilika huvuta mkondo zaidi volteji inaposhuka, kwa hiyo jibu halipatikani kwa hatua moja. Unakisia V, unaiweka upande wa kulia, unapata V iliyo bora zaidi:

```
a = P·R + Q·X = 0.0669
b = P·X − Q·R = 0.0623
V = √(1 − (b/V)²) − a/V
```

Anza na V = 1. Mzunguko wa kwanza unatoa 0.931, wa pili 0.926, kisha inatulia kwenye 0.925. Zidisha kwa 11 kV: mteja anapata 10.18 kV.

Nguvu nzima ya mzigo ni 0.3/0.9 = 0.3333, basi mkondo ni 0.3333/0.925 = 0.360 pu. Mkondo wa msingi upande wa 11 kV ni 525 A na upande wa 33 kV ni 175 A, basi hiyo 0.360 pu ni 189 A chini na 63 A juu. Hakiki kwa omu: 3 × 189² × 1.2 ni kama 129 kW za kupotea kwenye laini, na kwa pu 0.360² × 0.0992 × 10 MW inatoa hizo hizo. Angalia pia kwamba katika ile 0.0669, transfoma imechangia 0.020 tu, iliyobaki ni ya laini. Mwenye kutaka kuinua volteji hapa asikimbilie kununua transfoma kubwa zaidi.

Mkondo wangu wa msingi kwa 11 kV ni 909 A, mwenzangu anasema 525. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Nakuru)

Mwenzako. Umegawa nguvu ya fezi tatu kwa volteji ya laini bila √3. Kipimo cha haraka: zidisha mkondo wa msingi kwa impidansi ya msingi. 525 × 12.1 ni 6,350 V, yaani 11 kV gawanya kwa √3, na ndivyo inavyotakiwa.

Transfoma yetu imeandikwa 33/11.5 kV, lakini mfumo tunauita wa 11 kV. Nitumie ipi? (Fundi, Tanga)

Tumia 11.5 kama volteji ya msingi ya upande wa chini. Ukishikilia 11 huku juu ukiwa na 33, uwiano wa misingi haulingani na wa koili, na transfoma haiwi tena riaktansi tupu: inabaki na uwiano wa 1.045 ndani yake ambao ni lazima uuingize kwenye hesabu.

Kwa 11.5, impidansi ya msingi inakuwa 13.2 Ω, laini inakuwa 0.0907 + j0.1059, na transfoma inabaki 0.14. Ukirudia mizunguko ile unapata V = 0.930. Inaonekana mbaya, lakini zidisha kwa 11.5, wala si 11: ni 10.70 kV, karibu 97% ya 11. Ukizidisha kwa 11 utasoma 10.23, na unaweza kuagiza tepu ipandishwe pasipo haja, kisha usiku mzigo ukipungua wateja wapate volteji ya juu mno.

Kwenye shoti, gridi yenyewe haina impidansi? (Msomaji, Mombasa)

Inayo. Shoti ya fezi tatu kwenye basbaa ya 11 kV ya transfoma yetu ya 33/11, bila kuhesabu gridi, ni 1/0.14 = 7.14 pu, yaani 3,750 A. Tuseme uwezo wa shoti wa basbaa ya 33 kV ni 250 MVA. Riaktansi ya gridi ni 10/250 = 0.04 pu, jumla inakuwa 0.18, na mkondo unashuka hadi 2,916 A. Kwa kuchagua sakiti breka, kuipuuza gridi kunakuweka upande wa usalama. Kwa kupanga rilei ni kinyume: ukiiwekea kiwango kwa mkondo mkubwa ambao hautafika, shoti itatokea na rilei itachelewa kukata, au isikate kabisa.