Ubora duni, pungufu au uliopitiliza?

*Swali: Mwalimu, natafsiri kitini cha uchumi. Niliandika: "Mkiritimba huuza bidhaa duni kuliko zile ambazo mpangaji angechagua." Mhariri amefuta "duni" na kuweka "zenye ubora pungufu au uliopitiliza". Naona ameivuruga sentensi iliyokuwa nyepesi. Nani yuko sahihi?*

Mhariri. Na hakufanya hivyo kwa kupenda maneno mengi. "Duni" ni hukumu juu ya kitu chenyewe: viatu duni ni viatu vibovu, uviweke kando ya vingine au usiviweke. "Pungufu" na "uliopitiliza" hayasimami peke yake, lazima msomaji aulize: kuliko kiasi gani? Kitini chako kinazungumzia swali hilo hasa: mkiritimba, yaani muuzaji asiye na mshindani, anaweka ubora kiasi gani ukimlinganisha na mpangaji, mtu anayeamua kwa faida ya wote. Bidhaa inaweza kuwa nzuri sana na bado ubora wake ukawa pungufu. Tena inaweza kuwa nzuri kupita inavyostahili, na hapo mnunuzi analipia uzuri asiouhitaji. Neno lako lingeufuta upande huo wa pili kabisa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Boti moja tu inavusha watu kwenda kisiwani, na mwenye boti hana mshindani. Kila safari ina abiria 100. Sitini kati yao wako tayari kulipa hadi shilingi 2,000, ikizidi hapo hawaendi. Arobaini wangelipa hadi 3,000. Kumvusha abiria mmoja kunagharimu 500. Nauli ni moja kwa wote, na mwenye boti ameiweka 2,000, kwa hiyo kila safari inamwachia 150,000. Akipandisha hadi 3,000 atabaki na arobaini na kupata 100,000 tu, ndiyo maana hapandishi.

Sasa anafikiria kufunga turubai la kukinga jua. Gharama yake ikigawanywa kwa safari, ni 30,000 kila safari. Wale sitini wamezoea jua, kivuli kwao kina thamani ya 200. Wale arobaini, tuseme ni wazee na akina mama wenye watoto wachanga, kivuli kwao kina thamani ya 1,000 kila mmoja. Ukijumlisha thamani kwa abiria wote unapata 52,000, inazidi gharama kwa mbali. Mtu anayepanga kwa niaba ya wote angelifunga turubai bila kusita.

Mwenye boti hafungi. Anajua kwamba akiongeza nauli kwa zaidi ya 200 atawapoteza sitini. Kwa hiyo turubai linamwingizia 200 mara 100, yaani 20,000, huku likimla 30,000. Hata akiwaacha sitini na kuwatoza arobaini 4,000 kila mmoja, anabaki na 110,000 baada ya turubai, na leo anapata 150,000. Thamani wanayoipata arobaini haiingii kwenye daftari lake, kwa sababu nauli moja haiwezi kuikamata. Huo ndio ubora pungufu. Boti yenyewe inaweza kuwa imara, safi, yenye maboya ya kutosha. Kuiita duni ni kuionea.

Geuza mambo. Badala ya turubai anafikiria mashine yenye nguvu zaidi, gharama 40,000 kwa safari. Sitini ni wachuuzi wanaowahi soko, mwendo kwao una thamani ya 500 kila mmoja. Arobaini hawana haraka, mwendo kwao ni bure. Thamani kwa wote ni 30,000, na gharama ni 40,000: mpangaji angeiacha mashine dukani. Mwenye boti anainunua. Anapandisha nauli hadi 2,500, hapotezi hata abiria mmoja, anakusanya 50,000 zaidi na kubaki na faida ya ziada ya 10,000. Arobaini wanalipa 500 kwa mwendo wasioutaka, lakini hawashuki, maana safari bado ina thamani ya 3,000 kwao. Abiria wanaona boti nzuri, wengine huenda wanaisifu. Hapa "duni" lingekuwa kinyume cha ukweli.

Michael Spence aliieleza hoja hii mwaka 1975, na Eytan Sheshinski akaifuata mwaka 1976. Mkiritimba anayetoza bei moja hupima ubora kwa macho ya mnunuzi aliye ukingoni, yule ambaye bei ikipanda kidogo anaondoka. Mpangaji hupima kwa wastani wa wanunuzi wote. Waliobaki ndani wakiuthamini ubora kuliko wa ukingoni, ubora utapungua. Wakiuthamini kidogo kuliko yeye, utapitiliza. Wote wakiuthamini sawa, mkiritimba na mpangaji wanakubaliana, ingawa bei bado wataigombania.

Hapo nikuombe jambo: ukifika kwenye mnunuzi huyo, usimwite "wa pembezoni". Kwa msomaji wa kawaida, watu wa pembezoni ni wa maeneo ya mbali yasiyofikiwa na huduma. Mnunuzi wa ukingoni anaweza kuwa tajiri anayekaa katikati ya mji, ambaye hajali sana bidhaa hiyo. "Wa ukingoni" linatosha.

Mhariri naye nina neno naye. Sentensi yake haina sharti muhimu: ulinganisho huu ni kwa idadi ile ile ya wanunuzi. Katika mfano wangu abiria ni 100 kwa pande zote mbili. Kwa kawaida mkiritimba huuza kwa watu wachache kuliko mpangaji, na mtu aliye ukingoni kwake si yule aliye ukingoni kwa mpangaji. Ukiruhusu idadi nayo ibadilike, huwezi kusema ubora utaangukia upande gani kwa kutazama ukingo mmoja. Ongezeni "kwa kiasi kile kile cha mauzo".

Neno lako "duni" nalo lina mahali pake, pengine kwenye sura inayofuata. Mkiritimba akiuza madaraja kadhaa ya bidhaa moja, huwa ana sababu ya kuliharibu daraja la chini kwa makusudi ili mwenye uwezo asikimbilie huko. Mhandisi Mfaransa Jules Dupuit aliliona hilo mwaka 1849 kwenye mabehewa ya daraja la tatu yasiyo na paa. Paa halikuwa ghali hivyo. Kampuni za reli zilitaka abiria anayemudu daraja la pili aogope la tatu. Aliyeumia ni maskini ambaye hakuwa na daraja jingine la kukimbilia. Behewa lile lilikuwa duni hasa, na hapo liandike bila wasiwasi.

Imebaki "mpangaji". Ukiliacha peke yake, nusu ya wasomaji wataona mtu anayedaiwa kodi ya nyumba. Mara ya kwanza andika "mpangaji wa uchumi", kisha ufupishe. Sentensi nzima ningeiweka hivi: "Kwa kiasi kile kile cha mauzo, mkiritimba anayetoza bei moja anaweza kuweka ubora ulio pungufu au uliopitiliza ukilinganishwa na ule ambao mpangaji wa uchumi angeuchagua." Ni ndefu kuliko yako, najua. Ukiona inamchosha msomaji, ikate mara mbili: kwanza useme kwamba ulinganisho ni kwa kiasi kile kile cha mauzo, kisha uanze upya na mkiritimba, lakini usiguse "au".