Kubadilisha jina hakutoshi kumficha mshiriki katika tasnifu

"Nimehoji wanawake wachuuzi wa samaki kwenye mwalo mmoja mdogo hapa Kisumu, kuhusu jaboya, yaani mwanamke kufanya ngono na mvuvi ili apate samaki wa kuuza. Majina yote nimeyabadilisha. Mmoja ni mweka hazina wa BMU, kamati inayosimamia mwalo, na maneno yake ndiyo yenye uzito kuliko yote. Je, nikimwita mchuuzi wa kawaida na kumpunguzia umri, nitakuwa nimemlinda?"

Dada, hapana. Tena hapo kuna hatari mbili: anaweza kutambuliwa hata hivyo, na msomaji wako atakuwa amedanganywa.

Nimefanya kazi ya msaidizi wa utafiti kwenye mialo ya Kisumu na Homa Bay. Ripoti moja ilirudishwa kusomwa mbele ya wanamwalo, majina yote yakiwa ya kubuni. Iliposomwa nukuu ya "mjane mwenye mtumbwi wake", watu waligeuka wakamtazama mama mmoja. Mwalo mzima ulikuwa na mjane mmoja tu mwenye mtumbwi. Mtu wa Nairobi asingemjua kamwe, lakini mama yule hakuwa na la kuogopa kutoka Nairobi. Kwa mshiriki wako, wa kuogopwa ni mume, mwenye mashua anayempa samaki, na wachuuzi wenzake waliokuona ukiingia nyumbani kwake na daftari.

Kwa hiyo fanya jaribio hili kabla ya kumpelekea msimamizi wako sura ya nne. Chukua mshiriki mmoja, ukusanye kila ulichoandika kumhusu popote katika tasnifu: jedwali la umri na ndoa, idadi ya watoto, nukuu zake, picha, ramani, hata ukurasa wa shukrani. Kisha jiulize ni wangapi pale mwaloni wanaolingana na hayo yote kwa pamoja. Ukipata mmoja au wawili, jina la kubuni halijamficha. Shukrani husahaulika sana: mtu huficha jina la mwalo katika kila sura, halafu anamshukuru mwenyekiti wa BMU kwa jina kamili.

Dawa ni kupunguza, si kubuni. Andika "mwalo mmoja katika Kaunti ya Kisumu". Badala ya miaka 47, andika "miaka ya arobaini". Usimpe jina moja la kubuni linalomfuata kutoka nukuu hadi nukuu, maana msomaji wa pale mwaloni ataziunganisha. Nukuu nzito iache kwa "mshiriki mmoja" bila maelezo mengine. Lakini usimfanye mchuuzi wa kawaida. Kama anajua jinsi wavuvi wanavyogawa samaki kwa sababu anashika fedha za kamati, cheo hicho ndicho kinachoyapa maneno yake uzito. Ukimpa cheo kingine, umeweka ushahidi wa uongo. Unaweza kusema "mtu anayefahamu uendeshaji wa mwalo", ikiwa jaribio linaonyesha kwamba wapo wengine wa namna hiyo. Vilevile usigeuze kauli yake kuwa "wanawake kadhaa walisema". Alisema mmoja, basi andika mmoja, hata kama hoja itapungua nguvu.

Sasa ridhaa. Soma tena fomu uliyowasainisha. Kama iliahidi kwamba hakuna atakayewajua, uliahidi jambo lisilo mikononi mwako kwenye mwalo mdogo. Rudi kwa huyo mama mweka hazina, peke yake, bila kupitia kwa mwenyekiti. Msomee nukuu yake kwa Kidholuo kama alivyoisema, pamoja na aya inayoizunguka, umweleze kwamba tasnifu huwekwa kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo na waliomzoea wanaweza kumtambua. Mpe chaguo halisi: itumike ilivyo, ielezwe kwa maneno yako, au iondolewe. Akisema "wewe ndiye unajua, mwalimu," hiyo bado si ridhaa, ni heshima. Muulize nani angeudhika akiisoma, kisha umsikilize. Kama njia hii mpya inatofautiana na pendekezo lililoidhinishwa, peleka mabadiliko kwa kamati ya maadili kwanza. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, haichukui nafasi ya idhini hiyo.

Kumbuka pia kwamba chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, hali ya afya na ya ndoa ni data nyeti. Wengi wanaozungumzia jaboya hugusia VVU. Orodha inayounganisha majina halisi na ya kubuni usiiweke kwenye faili moja na mahojiano, wala kwenye simu unayoazimisha watu.

Katika sura ya mbinu, andika waziwazi ulichofanya: kwamba umri umetolewa kwa makundi, kwamba baadhi ya nukuu hazina utambulisho wowote kwa makusudi, na kwamba washiriki kadhaa, ukitaja idadi, waliomba maneno yao yaondolewe. Usitaje ni yapi.