Siku niliyomwita kuruti mtegaji

Niliombwa kuzungumza na vijana waliokuwa wanafunga mafunzo katika kambi moja hapa mkoani Tanga. Gwaride limekwisha, kiapo kimeliwa, wazazi wamejaa chini ya turubai. Mimi ni afisa mstaafu, na hotuba za siku hiyo nimezisikia nyingi: wajibu, nidhamu, uzalendo. Vijana hupiga makofi, wakarudi makwao bila kitu cha kushika. Nikaona niwasimulie asubuhi moja tu ya enzi zangu za uluteni. Naiandika na hapa kwa yeyote anayekimbiza vijana juani, hata kama ni kocha wa shule.

Ilikuwa mwezi wa pili. Tuliondoka alfajiri, platuni nzima, mzigo mgongoni na silaha mkononi, tukakatiza mashamba ya mkonge. Mkonge hauna kivuli. Kufika saa nne upepo ulikuwa umekufa, na jasho linatiririka mpaka ndani ya buti. Jasho halipozi mwili kwa kutoka tu, linapoza likikauka. Hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi, halikauki, na joto linabaki ndani ya mtu.

Kulikuwa na kijana wa Makete, kwenye baridi kali, aliyekuwa na wiki moja tu kambini. Mwili huhitaji kama wiki mbili kulizoea joto, tena kwa kuongezewa kazi kidogo kidogo. Hakupaswa kuwemo kwenye mwendo ule, na aliyepanga orodha ni mimi. Akaanza kuyumba. Mwenzake wa kulia akaniambia, "Afande, huyu nimemuuliza jina lake, ananijibu habari za ng'ombe." Nikamtazama, nikaona anatoka jasho vizuri, nikasema, "Anatega huyo. Twende."

Neno hilo nililirudia mbele ya wazazi kwa sauti ile ile, ili vijana wasikie lilivyo jepesi kutamka.

Nilidhani aliyezidiwa na joto lazima ngozi iwe kavu. Kwa mtu anayetumika kwa nguvu si hivyo. Anaweza kulowa chapa na bado anakufa. Dalili ya kuitazama ni akili. Aliyechoka anajikongoja lakini anakujibu sawasawa. Anayeongea ovyo, anayegombana bila sababu, asiyejua yuko wapi, huyo ubongo wake umeanza kuungua, na joto la mwili huenda limepita nyuzi 40. Kipimajoto cha kwapani kisikudanganye hapo, maana mara nyingi kinasoma chini ya joto la ndani.

Baada ya kama mita mia tatu akaanguka. Nikafanya kosa la pili: nikaamuru apakiwe kwenye gari apelekwe hospitali, na magwanda yake yote mwilini. Kumbe mtu huyu hupozwa kwanza, ndipo asafirishwe. Unamvua buti na nguo, unamtumbukiza kwenye maji hadi shingoni ukiwa nayo ya kutosha huku mtu ameshika kichwa chake. Ukikosa, unammwagia mwili mzima bila kuacha huku wengine wanampepea. Nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua. Na asinyweshwe maji akiwa amechanganyikiwa, yatamwingia mapafuni. Tulikuwa na madumu manne ya maji. Niliyaacha kwa sababu yalikuwa ya kunywa.

Alipona. Alilazwa siku tisa, figo zikiwa zimeguswa. Baadaye ndipo nikajua usiku wa kuamkia safari alikuwa na homa, akaficha, kwa kuogopa kuitwa mtegaji. Neno langu lilikuwa limeshamfikia kabla sijalitamka.

Ndiyo maana niliwaambia wahitimu kwamba kujizuia kwa kiongozi si kwenye risasi peke yake. Ni pale kijana anapobaki nyuma na ulimi wako umeshaandaa tusi au doso. Umeze kwanza, umsogelee, umwulize jina lake na leo ni siku gani. Na kabla ya kuondoka uliza nani aliharisha, nani hakulala, nani ana homa, ukijua hakuna atakayekujibu kama jana ulimcheka aliyesema.

Tulipokuwa tunasubiri chakula, binti mmoja aliyehitimu siku hiyo akanijia, akasimama wima. "Afande, na kama mimi ndiye yule wa kulia, nimesema, na afande amekataa?"

Swali hilo sikuwa nimeliandaa. Nikamjibu kwamba aseme mara ya pili, kwa sauti ya kusikika na platuni nzima, kwamba mwenzake hajui alipo. Kisha amkalishe chini, amvue mzigo, ammwagie maji yake mwenyewe ya kunywa. Akaniuliza kama ataadhibiwa. Nikamwambia huenda ikawa hivyo.

Akasema, "Sawa, afande," akapiga saluti, akarudi kwa mama yake.