Barua ya kuuliza ruzuku iliyochelewa

"Waheshimiwa, mimi ni diwani huku Dodoma. Ruzuku ya kumalizia boma la zahanati imeingia Juni. Naweza kuiandikia wizara mwenyewe kuuliza sababu?"

Mheshimiwa, ukiandika peke yako barua itarudishwa mkoani, kisha kwa Mkurugenzi wako. Peleka hoja kwenye Kamati ya Fedha na baraza liazimie. Mkurugenzi ndiye afisa masuuli, kwa hiyo yeye ndiye aiandike kwa Katibu Mkuu TAMISEMI kupitia Katibu Tawala wa Mkoa, akiambatisha muhtasari wa kikao.

Kabla ya hapo mwombe mweka hazina tarehe mbili: siku fedha ilipoingia kwenye akaunti, na siku malipo ya kwanza yalipofanyika kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa serikali. Sisi tuliwahi kuilaumu wizara kwa ukali, kumbe fedha iliingia Machi ikakaa hadi Mei kwa sababu manunuzi hayakuwa yameandaliwa. Tuliaibika! Ila kama kweli iliingia Juni, barua ya Mkurugenzi iseme hivi:

"Bajeti ya mwaka ilitenga shilingi milioni 50. Zimepokelewa tarehe 12 Juni, siku 18 kabla ya mwaka wa fedha kufungwa. Tunaomba kujua fedha zilitolewa Hazina lini, na nini kilizichelewesha."

Swali la tarehe ni gumu kulikwepa. Na katika barua hiyohiyo Mkurugenzi aombe kibali cha kuvuka nazo mwaka, maana salio la tarehe 30 Juni huweza kurudi Hazina na boma likabaki bila paa.