Nimepata ziro mock ya form four, nifanyeje?

"Kiswahili 41, English 29, civics 28, jiografia 27, historia 26, zingine chini kabisa. Nyumbani sijasema bado, nalia tu."

Pole sana mdogo wangu, lia leo ila kesho mwambie mama mwenyewe kabla hajasikia kwa jirani, mi nilificha karatasi chini ya godoro wiki nzima, hata kula nilishindwa.

Sasa tupige hesabu. D inaanzia 30, C 45. Wewe una D moja na F sita, yaani pointi 34, ndo ziro hiyo. English ikipanda maksi 1, civics 2, jiografia 3, historia 4, hizo ni D nne, na Kiswahili kikipata 4 tu kinakuwa C. Jumla pointi 29, division four tayari, bila kugusa hesabu. Hiyo ndo ngazi ya kwanza, three inaanzia 25.

Kwahiyo omba karatasi zako za hayo masomo matano, kila swali ulilokosa andika pembeni: sikujua, nilisoma swali vibaya, au muda uliisha. Insha uliyoacha tupu ndo uanze nayo, uifanye upya umpe mwalimu asahihishe.