Saa unayofanya manunuzi ina habari nyingi kuliko kitu ulichonunua

*"Mimi ni dada wa miaka 27, mshahara mkononi 550,000. Kila nikikwazwa kazini lazima ninunue kitu mtandaoni, na Jumapili nikiwa sina la kufanya hela inapukutika tu. Bajeti naandika kila mwezi na kila mwezi inakufa. Nimeanza kukopa. Waliopitia hili mlifanyaje?"*

Dada yangu, mimi ni mpokea simu za wateja hapa Dar, mwaka wa sita sasa. Kutwa natukanwa na watu nisiowaona, na siruhusiwi kuwajibu. Kwa hiyo hali hiyo naijua vizuri, na nitakueleza kilichonisaidia mimi.

Kabla ya bajeti mpya, omba taarifa ya miamala ya mwezi mmoja kwenye simu yako, ile inayoonyesha tarehe na saa ya kila malipo. Mimi nilichukua ya mwezi mzima, nikaipeleka stesheneri wakaniprintia, nikakaa nayo kitandani na kalamu nyekundu. Kila malipo kwa muuza nguo, viatu, vyombo au vipodozi nikayazungushia nyekundu. Yalikuwa 19. Bidhaa zenyewe zilikula 148,000, na bodaboda wa kuleta mizigo 13 kati ya hiyo, 3,000 kila safari, wakala 39,000. Jumla 187,000, bila makato ya kutuma. Mshahara wangu wakati huo ulikuwa 620,000 na chumba nalipa laki kwa mwezi. Yaani nilikuwa nalipa karibu vyumba viwili na naishi kimoja.

Lakini jumla siyo iliyonifungua macho, zilikuwa saa. Malipo 14 kati ya 19 yalifanyika kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku, siku za kazi. Hapo niko kwenye daladala ya Gongo la Mboto, nimebanwa dirishani, foleni ya Tazara haisogei, naperuzi status za wauzaji. Yaliyobaki yote yalikuwa Jumapili mchana.

Hayo ni magonjwa mawili, na dawa zake ni mbili. Wengi wanashindwa kwa sababu wanatibu yote kwa dawa moja.

La jioni ni la hasira. Siku nzima umeamrishwa, na kuchagua kiatu ndiyo mara ya kwanza unaamua jambo mwenyewe. Raha iko kwenye kuchagua, na inakatika ukishaweka namba ya siri. Ushahidi wangu ulikuwa chini ya kitanda: sandozi za kahawia bado ndani ya nailoni, kamba ya bei inaning'inia, miezi miwili tangu boda azilete. Sikuwa nimezijaribu hata mguu mmoja. Angalia na wewe chini ya kitanda chako. Mzigo uliofika ukakaa bila kufunguliwa ni dalili kwamba ulichokuwa unakitafuta ulishakipata kabla haujafika.

Nikaamua kuchagua niendelee, kulipa kusubiri. Nina daftari dogo kwenye mkoba. Nikiona kitu naandika jina lake, bei pamoja na boda, tarehe, halafu mstari mmoja wa kilichotokea siku hiyo. Mfano: "Blauzi ya kijani, 28,000 na boda. Msimamizi kanisema mbele ya watu." Kisha nasubiri siku tatu, na uamuzi naufanya asubuhi ya nne kabla sijatoka kwenda kazini, kamwe siyo jioni. Huo mstari wa mwisho usiuache. Asubuhi unaposoma kwamba blauzi ilitakwa na maneno ya msimamizi, unaiona tofauti kabisa. Miezi miwili ya kwanza niliandika vitu 23, nikanunua vitano, na hivyo vitano nimevivaa mpaka vimechakaa. Muuzaji atakwambia imebaki moja. Kuna koti moja kweli lilinipita, likauma siku mbili, likasahaulika.

La Jumapili halina hasira, na kusubiri hakulisaidii, kwa sababu kuna vidogo vingi: chipsi, juisi, bando, soda ya jirani, hereni za 5,000. Hakuna hata kimoja kinachofaa kuandikwa daftarini. Hapa kilichonisaidia ni kuutoa mkono kwenye simu katika zile saa nilizoziona kwenye taarifa, kwangu ni saa 8 hadi saa 11. Nilihamishia hapo kazi mbili zinazoshika mikono yote: kupika mboga na maharage ya wiki, na kusukana na binti wa jirani. Simu inabaki chumbani kwenye chaja. Status za wauzaji nimezinyamazisha, ila namba sijazifuta, maana mmoja ni mfanyakazi mwenzangu. Yeye nilimwambia kabisa, "Shoga, mwezi huu naangalia tu," akanielewa.

Sasa ukuta wa hela. Siku ya mshahara naitenga: kodi, kikoba, chakula na akiba vinakaa laini ya pili. Laini ninayotembea nayo naiwekea 40,000 kila Jumamosi asubuhi, ya nauli, chakula cha mchana na vocha. Mara moja kwa wiki tu, ukihamisha kila siku makato yatakumaliza. Mwezi wa kwanza nilikosea: laini zote mbili zilikuwa kwenye simu moja, nikawa naruka ukuta kwa kubonyeza mara tatu. Ikabidi ile ya pili niiweke kwenye kitochi, na kitochi kinabaki nyumbani ndani ya kabati. Hapo ndipo ilipokubali, kwa sababu kwenye daladala hela haipo, na nikifika nyumbani nimeoga na kula, hamu imeshapoa.

Na ile huduma inayokukopesha papo hapo salio likipungua ili malipo yapite, jitoe leo. Bila hivyo ukuta wote ni wa karatasi. Mimi mikopo yangu yote ilianzia hapo, elfu tano tano, na kila hela ikiingia inakatwa kabla sijaiona.

Jambo moja nililijua kwa maumivu: usijinyime kabisa. Jaribio langu la kwanza lilikuwa kutonunua chochote. Nilidumu siku 11, ya 12 nikanunua viatu na mkoba wa 65,000 kwa jioni moja. Siku hizi nina 25,000 ya roho yangu kila mwezi, na vile vinavyopita asubuhi ya nne vinatoka humo. Kitu kikizidi hapo kinasubiri mwezi ujao.

Kuna mahali haya hayatoshi. Ukiona unaficha mizigo, unakopa kwa mtu ili umlipe mwingine, hulali, au umelia kazini zaidi ya mara moja kwa wiki, daftari halitabeba huo mzigo. Nenda hospitali umweleze daktari jinsi unavyojisikia, na deni mwambie mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini. Mimi nilimwambia dada yangu mkubwa, na ndiye aliyeshika kitochi changu miezi mitatu ya kwanza, kabla hakijahamia kabatini kwangu.

Anza na ile taarifa ya miamala, usiku huu kama unaweza. Ukishazungushia nyekundu zako, rudi hapa uniambie zimejaa saa ngapi, tuone ni la jioni au ni la Jumapili linalokula zaidi.